Wigi kwa mgonjwa aliyenyonyoka nywele: tangazo lieleze nini?

Dawa nyingi za kutibu saratani hunyonyoa nywele, kwa kawaida wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza. Kama unamuuguza mama au mtoto Ubena na anatibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, huenda utanunua wigi kwa picha ya simu tu, bila kulishika. Kwa hiyo maneno ya tangazo yana kazi kubwa kuliko picha.

Tuchukue tangazo hili: "Wigi kali, inchi 14, nywele halisi, bei poa." Ukiwa mnunuzi, limekuficha mengi. Ukiwa unauza wigi la mgonjwa wako aliyepona, ndivyo usivyopaswa kuandika.

Ni nywele za nini?

Kuna nywele za binadamu, za plastiki, na mchanganyiko wa zote mbili. Usiamini neno "halisi" peke yake. Muulize muuzaji kama amezijaribu kwa moto. Nyuzi 3 au 4 huchomwa nje ya nyumba juu ya sahani ya bati yenye maji, zikiwa zimeshikwa kwa kibano. Nywele ya binadamu hunuka kama manyoya ya kuku yanayoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Ya plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona yote mawili, ni mchanganyiko.

Urefu na ujazo

Inchi 14 ni kama sentimita 35, lakini nywele za mawimbi hupimwa zikiwa zimenyooshwa. Zikivaliwa huonekana fupi zaidi, hivyo tangazo liseme zimepimwaje.

Ujazo huandikwa kwa asilimia. 130 ni wa kadiri na hukaribia nywele za kawaida. 180 ni nywele nyingi na nzito. Viwanda havipimi sawasawa, kwa hiyo omba picha ya ndani ya kofia na ya upande wa nyuma. Kwa joto la Pwani na kichwa kisicho na nywele, 130 inatosha. Wigi zito huleta jasho, na jasho huwasha ngozi ambayo tayari ni laini kwa sababu ya dawa. Mvalishe kwanza kofia nyepesi ya pamba, na chagua wigi linalokazwa kwa mkanda badala ya gundi.

Nywele za kusukia, kama rasta au za kushonea, zisubiri. Zinavuta nywele chache zilizobaki na kuumiza ngozi.

Matunzo

Wigi la plastiki huoshwa kwa maji baridi na shampuu laini, halikamuliwi, na huanikwa kivulini. Haliwezi kustahimili pasi ya nywele, isipokuwa limeandikwa hivyo. Jikoni pia ni hatari: mvuke wa sufuria unaweza kukunja nywele za mbele, na moto wa mkaa au gesi unaweza kuliunguza likiwa kichwani. Mgonjwa alivue kabla ya kupika.

Je, linapakwa rangi?

La plastiki halishiki rangi ya nywele. La binadamu hushika, ila kama lilishatiwa rangi nyeusi kiwandani, rangi ya kawaida haiwezi kuling'arisha. Litahitaji dawa ya kuondoa rangi, nayo hudhoofisha nywele. Tangazo liseme kama liliwahi kupakwa.

Ukiamua kulipaka, lifanye likiwa mbali na kichwa, ukivaa glavu, kisha lisuuze mpaka maji yatoke meupe. Piko na rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayoweza kuleta mzio: muwasho, malengelenge, hata uso kuvimba, na dalili huweza kuchelewa siku moja au zaidi. Uso ukivimba au mgonjwa akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tangazo lililokamilika

"Wigi lililotumika miezi 4, limeoshwa. Nywele za binadamu, zimejaribiwa kwa moto. Mawimbi, inchi 14 zikinyooshwa, inchi 11 likivaliwa. Ujazo 130. Kofia ya mzunguko wa inchi 22, ina mkanda, halihitaji gundi. Linaoshwa kwa shampuu laini. Rangi nyeusi ya kiwandani. Linaweza kwenda kwenye nyeusi zaidi, si kwenye kahawia. Nyuzi chache zimetoka upande wa kulia, tazama picha ya 3."

Kabla ya kutuma pesa, pima kichwa cha mgonjwa kwa futi kamba, kuanzia paji la uso, juu ya masikio, hadi kisogoni. Pima baada ya nywele kutoka, maana kichwa kisicho na nywele hupungua mzunguko.