Nani Atasaini Ripoti?

Hadidu za rejea nyingi hazisomwi, hupitiwa tu. Mtaalamu anayetafuta kazi ya ushauri anaangalia siku ya mwisho ya kutuma maombi na sifa zinazotakiwa, anakisia bajeti, kisha anaanza kuandika pendekezo lake. Kurasa za katikati, zinazoeleza kazi yenyewe, anakuja kuzisoma kwa makini siku mteja anapogoma kulipa.

Tuchukue mfano wa kazi ya kawaida kabisa: tathmini ya mwisho ya mradi wa maji vijijini katika wilaya za Kongwa, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa, mkoani Dodoma. Mfano ni wa kubuni, ila sentensi zake yeyote aliyewahi kuomba kazi za namna hii atazitambua. Mshauri ahoji kaya 400, azungumze na viongozi wa vyombo vya watumiaji maji na maofisa wa RUWASA, aandae “ripoti yenye ubora inayokubalika na wadau”, “ajenge uwezo wa timu ya mradi”, na afanye “kazi nyingine zitakazojitokeza”. Muda ni siku 30 kuanzia kusaini mkataba, tarehe 1 Februari. Atafanya kazi “kwa ushirikiano wa karibu” na meneja wa mradi, ofisa ufuatiliaji na tathmini, halmashauri na mfadhili. Malipo ya mwisho, asilimia 50, yatatolewa ripoti ikishakubaliwa.

Mimi huanza na sentensi hiyo ya mwisho na kurudi nyuma. Nusu ya fedha inasubiri kukubaliwa kwa ripoti. Inakubaliwa na nani? Wametajwa wanne, na hakuna aliyepewa kalamu. Meneja wa mradi anataka ripoti isemayo visima vinafanya kazi. Mfadhili anataka kujua kwa nini baadhi havifanyi. Kila mmoja atatuma maoni kwa wakati wake, na maoni hayo yatagongana. Mshauri atarekebisha rasimu kumridhisha wa kwanza, wa pili ataikataa, na mkataba hautamsaidia kwa kuwa haukusema neno la nani ndilo la mwisho.

Kuna tatizo jingine hapo, zito zaidi ya fedha. Meneja ndiye aliyeuendesha mradi unaotathminiwa. Akiwa ndiye anayeidhinisha ripoti, anasahihisha mtihani wake mwenyewe. Asitengwe, maana ndiye mwenye nyaraka na magari, na ndiye atakayekupigia simu vijijini ili upokewe. Lakini kuratibu ni kitu kimoja na kuidhinisha ni kingine, na hadidu zinapaswa kumpa mtu mwingine kazi hiyo ya pili.

Kwa hiyo swali la kwanza la maandishi kwa mteja liwe fupi: “Tafadhali tajeni cheo kimoja kitakachoidhinisha ripoti. Tunapendekeza maoni ya wadau wote yakusanywe katika waraka mmoja na kutumwa ndani ya siku 5 za kazi, kwa mizunguko isiyozidi miwili.” Anayejua ofisi zetu ataongeza kwamba muda huo ukipita bila majibu, ripoti ihesabiwe imekubaliwa. Wapo wateja watakaolikataa sharti hilo. Hata hivyo, kulijadili tu kunawalazimisha kuamua nani mwenye neno la mwisho.

Sasa muda. Hapa maneno hayatoshi, chukua karatasi upige hesabu. Kusoma nyaraka, kuandika ripoti ya kuanzia na kuandaa dodoso: siku 5. Mteja kuipitia: siku 3. Kuwafundisha wadodosaji na kulijaribu dodoso kijijini: siku 3. Mdodosaji mmoja, kwa dodoso la dakika 45 na kaya zilizotawanyika, akimaliza kaya 6 kwa siku amefanya kazi. Wadodosaji 6 wanamaliza kaya 36, hivyo kaya 400 zinakula siku 12. Ongeza siku 3 za kuhama kati ya wilaya nne. Kusafisha na kuchambua takwimu siku 6, kuandika rasimu siku 6, kusubiri maoni siku 5, kurekebisha siku 3. Jumla ni siku 46 za kazi. Siku 30 za kalenda zina siku za kazi zipatazo 21.

Hapo bado hatujagusa barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tena Februari katika Dodoma ni msimu wa mvua: wenye kaya wako shambani tangu alfajiri, na barabara nyingine hazipitiki. Aliyepanga tarehe hiyo bila shaka alikuwa akitazama mwisho wa mwaka wa fedha wa mfadhili.

Ukiongeza wadodosaji wakawa 12, siku 12 za mahojiano zinashuka kuwa 6, ila unahitaji gari la pili na msimamizi wa pili, na uchambuzi haufupiki. Ukipunguza wilaya zikawa mbili, unaokoa safari. Lakini uliza kwanza kama mteja anataka kulinganisha wilaya. Kaya 400 zinatosha kusema jambo kuhusu eneo zima kwa ukingo wa makosa wa takriban asilimia 5. Ukizigawa 100 kwa kila wilaya, ukingo wa kila moja unapanda kukaribia asilimia 10, na tofauti ndogo kati ya Kongwa na Mpwapwa haitamaanisha kitu. Mara nyingi idadi ya 400 imenakiliwa kutoka hadidu za zamani, na aliyeinakili hakuwa na ulinganisho akilini.

Yanabaki mazao ya kazi. “Kujenga uwezo wa timu” ni warsha ya asubuhi moja kwa watu 6 au mafunzo ya wiki kwa watu 40? Nani analipia ukumbi na posho? Ukishindwa kukiwekea kitu idadi, mahali na mlipaji, huwezi kukiwekea bei. “Ripoti yenye ubora” igeuzwe iwe kurasa zisizozidi 40, muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 4 kwa ajili ya vijiji, na faili la takwimu lisilo na majina ya waliohojiwa. Na “kazi nyingine zitakazojitokeza” zifutwe, au ziwekewe kikomo cha siku 2 kwa makubaliano ya maandishi. Sentensi hiyo haina madhara kwa mkataba unaolipa kwa siku. Katika mkataba wa bei moja ya jumla, kila kinachojitokeza kinatoka mfukoni mwa mshauri.

Maswali haya yana wakati wake, nao ni kipindi cha ufafanuzi kabla ya zabuni kufungwa, ambapo kwa kawaida majibu hutumwa kwa waombaji wote. Wengi wanaogopa kuonekana wasumbufu. Lakini hata nyaraka za zabuni za Benki ya Dunia zina fomu maalumu, TECH-3, ya kutoa maoni juu ya hadidu za rejea.

Jibu likija kwamba “mambo yabaki kama yalivyo”, andika katika pendekezo lako ulivyoielewa kazi: kaya ngapi, mizunguko mingapi ya maoni, nani anaidhinisha, siku 46. Kisha weka bei ya kazi hiyo uliyoiandika. Ukishinda, kabla ya kusaini hakikisha pendekezo hilo limeambatishwa kwenye mkataba, na usome kifungu kinachosema nyaraka zikipingana ipi inatawala. Mara nyingi hadidu za rejea zimewekwa juu ya pendekezo, na zile siku 30 zikirudi kwa njia hiyo, omba kifungu kibadilishwe au hadidu zenyewe zirekebishwe.