Orodha ya Yaliyomo Inapopotoka

Ripoti ndefu ikiunganishwa kutoka kwa waandishi kadhaa, mara nyingi orodha ya yaliyomo huharibika: sura ya "Matokeo" haionekani, na aya nzima imejitokeza katikati ya orodha. Usiisahihishe orodha kwa mkono, maana ikisasishwa kazi yako yote itafutika. Kosa limo ndani ya ripoti yenyewe. Katika Word, fungua View, uwashe Navigation Pane, uone vichwa vinavyotambuliwa. "Matokeo" haimo kwa sababu mwandishi aliikoleza wino tu. Bofya ndani yake, uipe Heading 1. Ile aya ilipewa Heading 2 kimakosa. Irudishe kuwa Normal. Kisha bofya orodha, bonyeza F9, uchague Update entire table. Ukichagua Update page numbers only, vichwa vitabaki na makosa yaleyale.