Gauni Lililochelewa na Hesabu ya Siku za Faini

Katika biashara ya kukodisha magauni ya harusi, inayoendeshwa katika vyumba vya ghorofani katikati ya jiji la Nairobi na katika maduka ya Westlands na Kangemi, mteja huuliza faini ya kuchelewa ni shilingi ngapi kwa siku, ilhali kinachomuumiza zaidi ni siku ambayo hesabu inaanzia. Siku za msamaha, yaani zile chache zinazofuata tarehe ya kurudisha ambazo mteja hatozwi, husomwa kwa namna mbili, na risiti nyingi hazisemi ni ipi inayotumika.

Tuseme gauni lilipaswa kurudi Jumatatu, msamaha ni siku mbili, faini ni shilingi 500 kwa siku, nalo likarudi Ijumaa. Ikiwa msamaha hufuta Jumanne na Jumatano, zinazotozwa ni Alhamisi na Ijumaa, yaani shilingi 1,000. Lakini ikiwa msamaha hupotea mara tu unapopitwa, hesabu hurudi hadi Jumanne, na shilingi 2,000 hukatwa kwenye amana, yaani fedha alizoziacha mteja kama dhamana.

Mfanyabiashara mmoja wa katikati ya jiji hutetea kwa uchungu hesabu ya pili. Kwa maelezo yake, gauni likirudi huwa na pindo lenye matope na mara nyingine shanga zilizong'oka, hivyo huhitaji siku mbili za dobi na fundi kabla ya bibi harusi mwingine kulijaribu, na anayelirudisha Ijumaa humwacha wa Jumamosi bila vazi. Faini, asema, haijawahi kufidia mteja aliyerudishiwa pesa zake na kuondoka akilia. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini kanuni yenyewe isiandikwe kwenye risiti.

Afisa mmoja anayehusika na masuala ya walaji hushikilia kwamba malalamiko ya aina hii ni machache. Uchache huo hauthibitishi mengi, kwa kuwa aliyekatwa shilingi 2,000 hupoteza karibu kiasi hichohicho kwa nauli na kwa kutwa nzima ya kazi akifuatilia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma; nayo sheria ya tafsiri, Sura ya 2, katika kuhesabu siku, huiacha nje siku ya tukio na kusogeza mbele muda unaoishia Jumapili, ingawa huongoza usomaji wa sheria zilizotungwa, si wa risiti ya duka.

Huenda baadhi ya maduka yakaanza kuandika tarehe kamili ambayo faini inaanza, lakini katika misimu ya harusi ya Agosti na Desemba, magauni yanapogombaniwa, ni vigumu kumwona mteja akilidai hilo kabla ya kulipa amana.