Mafuta Hayatelezi Juu ya Chuma

Aghalabu ya mafundi wa mitambo, na kila mwenye gari asimamaye kando yao akitazama, husema kwamba mafuta hulainisha chuma kwa kuwa chuma huteleza juu yake. Kauli hiyo imekubalika kwa muda mrefu hata haiulizwi dalili, ilhali mambo yalivyo ni kinyume chake. Tabaka la mafuta linaloigusa shafti inayozunguka hushikamana nayo na kwenda kwa kasi ile ile ya shafti, wala halibaki nyuma hata kidogo. Na tabaka linaloigusa bushi iliyotulia hutulia vile vile. Kuteleza kote kunakosifiwa kumo ndani ya mafuta yenyewe, katika mwanya usiozidi unene wa unywele, ambamo kila tabaka hulipita kidogo lile lililo chini yake.

Natuchukue shafti moja ili maneno yetu yasielee hewani. Kipenyo chake ni milimita 50, bushi yake ina urefu wa milimita 50, na mwanya baina yao ni milimita 0.05. Shafti yazunguka mara 1500 kwa dakika, kwa hiyo uso wake waenda karibu mita 3.93 kwa sekunde. Nusu kipenyo cha shafti ni mara 500 ya mwanya huo, na mafuta yaliyomo ndani yake hayahisi mviringo wowote. Sisi nasi twaweza kuukunjua mviringo na kuufanya mabamba mawili sambamba, la chini limetulia na la juu laenda. Tuupe mwanya jina h, kasi ya bamba la juu U, na kimo cha tabaka lolote kutoka bamba la chini y. Swali ni moja tu: tabaka lililo kwenye kimo y huenda kwa kasi gani?

Jawabu limo katika mlinganyo wa mwendo wa viowevu, ambao Claude-Louis Navier aliutoa mwaka 1822 na George Stokes akauthibitisha kwa njia iliyo safi zaidi mwaka 1845. Kwa mwelekeo wa bamba linaloenda, huandikwa hivi:

ρ(∂u/∂t + u ∂u/∂x + v ∂u/∂y) = −∂p/∂x + μ(∂²u/∂x² + ∂²u/∂y²)

Upande wa kushoto ni mchapuko wa mafuta mara uzito wa ujazo wake ρ, na upande wa kulia ni nguvu zinazoyasukuma: kwanza tofauti ya shinikizo p, kisha mvutano wa matabaka, ambao kipimo chake ni mnato μ. Herufi u ni kasi ya kwenda mbele, na v ni kasi ya kupanda au kushuka. Wengi wauonapo mlinganyo huu hufunga kitabu, na hiyo ni hasara, kwani hapa karibu kila kilichomo chaondoka kwa hoja nyepesi.

Mashine imekwisha kushika mwendo wake na mafuta hayabadiliki saa hadi saa, basi ∂u/∂t ni sifuri. Mabamba ni marefu mno kuliko mwanya, na mahali pamoja hapana tofauti na pengine mbele yake, basi kila kinachopima mabadiliko ya u kwa x nacho ni sifuri. Ama v, hiyo huondoka kwa sharti la kwamba mafuta hayaumbwi wala hayapotei njiani: maadamu u haibadiliki kwa x, v haiwezi kubadilika kwa y, na kwa kuwa kwenye bamba la chini mafuta hayapenyi chuma, v ni sifuri pale na kwa hiyo ni sifuri kila mahali. Hatimaye, hakuna pampu isukumayo mafuta kwa urefu wa mabamba, basi tofauti ya shinikizo nayo haipo. Kilichosalia ni hiki:

μ d²u/dy² = 0

Maana yake yastahili kuangaliwa kwa utulivu kabla ya kuendelea na hesabu. Kila tabaka la mafuta huvutwa mbele na jirani yake wa juu aliye mwepesi kuliko yeye, na huzuiliwa na jirani wa chini aliye mzito wa mwendo; na kwa kuwa tabaka hilo haliongezi kasi wala halipunguzi, mvuto na kizuizi havina budi kulingana sawasawa. Ikiwa vinalingana kwa tabaka hili na kwa lile na kwa kila moja, basi nguvu ile ile hupokezwa bila kupungua kutoka bamba la juu hadi la chini, na tofauti ya kasi baina ya tabaka na jirani yake ni ile ile popote. Kitu kinachoongezeka kwa kiasi kile kile kila hatua huchora mstari ulionyoka, na hesabu yasema hivyo hivyo: u = Ay + B. Kwenye bamba la chini kasi ni sifuri, basi B ni sifuri. Kwenye bamba la juu kasi ni U, basi A ni U/h. Kwa hiyo:

u = U y/h

Katikati ya mwanya mafuta huenda nusu ya kasi ya shafti, na kwenye robo ya kimo huenda robo yake. Hapa ndipo penye ajabu niipendayo, nayo ni kwamba mnato umetoweka katika jawabu. Weka asali, weka mafuta ya nazi, weka maji ya kisima; maadamu mtiririko ni wa matabaka yaliyotulia na mnato ni mmoja mwanyani kote, mgawanyo wa kasi ni mstari ule ule, bila kujali ni kiowevu gani kilichomo. Mnato hausemi mafuta yaende vipi. Husema tu utalipa nguvu kiasi gani ili yaende hivyo. Bei hiyo ni τ = μU/h kwa kila mita mraba, kanuni ambayo asili yake ni dhana aliyoiweka Newton mwaka 1687, ya kwamba ukinzani wa kiowevu hufuata tofauti ya kasi ya sehemu zake.

Tulipe basi bei ya shafti yetu. Mafuta yenye mnato wa paskali sekunde 0.03, ambao ni wa kawaida kwa mafuta ya injini yaliyopata moto kiasi, yatazuia kwa paskali 2356. Uso uliofunikwa ni mita mraba 0.00785, basi kizuizi ni nyutoni 18.5, na ukikizidisha kwa kasi ya shafti wapata takriban wati 73 zinazogeuka joto bila kusaga punje moja ya mahindi. Wati hizo zote zaingia katika mafuta yasiyofika nusu ya sentimita moja ya ujazo, chini ya sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Lau mafuta hayo yangefungiwa humo na chuma kisinyonye joto lolote, yangepanda zaidi ya digrii 100 kwa sekunde moja. Kwa hiyo tundu la mafuta lililozibwa na uchafu huua bushi upesi hata pale ambapo mafuta hayajaisha. Chuma kilichogeuka rangi ya buluu ni ushahidi wa joto, na atakayeiona rangi hiyo na asilitazame tundu ataibadilisha bushi tena.

Na hapa sina budi kumlaumu mtu apendaye kumimina mafuta mazito kuliko yaliyoandikwa katika kitabu cha mashine, kwa imani kwamba uzito ni himaya. Mnato ukizidishwa maradufu, bei nayo huwa maradufu, na dizeli iliyonunuliwa kwa taabu huchomwa ili kuyapasha mafuta joto. Joto hilo, kwa kejeli, huyafanya mafuta yawe mepesi tena, na zaidi karibu na uso ulio moto, hata ule mstari wetu ulionyoka ukapinda, kwani μ si moja tena mwanyani kote.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuufanya mwendo huu kipimo makini ni Mfaransa Maurice Couette, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye mtiririko huu. Katika tasnifu yake ya mwaka 1890 alitia kiowevu baina ya mitungi miwili yenye mhimili mmoja, akazungusha wa nje, na wa ndani akautundika kwa waya ili msokoto wa waya useme nguvu inayopita. Kasi ilipokuwa ndogo, msokoto uliongezeka kwa kiasi kile kile cha kasi. Ilipopita kiwango fulani, uwiano ulivunjika, na hiyo ndiyo alama ya kwamba matabaka yamekwisha kuvurugika. Uchaguzi wa kuzungusha mtungi wa nje ulikuwa na baraka yake, kwani mwaka 1923 Geoffrey Taylor alionyesha kwamba ukizungusha wa ndani kwa kasi ya kutosha, kiowevu hujipanga katika mapete ya mizunguko, moja juu ya jingine. Kwa shafti yetu hofu hiyo haipo: namba ya Reynolds, yaani ρUh/μ, ni kama 6, ilhali baina ya mabamba vurugu hungoja ipite elfu moja.

Lakini mabamba yaliyo sambamba kamili yana upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hayabebi mzigo. Tuliiondoa tofauti ya shinikizo, na pasipo shinikizo hakuna cha kuinua shafti. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, alipokuwa akichunguza beringi za ekseli za reli huko Uingereza, alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, akashangaa kuyaona yakitoka badala ya kuingia. Alipoliziba, kizibo kikasukumwa nje. Osborne Reynolds alieleza sababu mwaka 1886: shafti iliyobeba mzigo hukaa upande kidogo, mwanya ukawa mpana huku na mwembamba kule, na mafuta yanayokokotwa kuingia penye wembamba hujenga shinikizo la kuibeba. Hapo mlinganyo wetu huongezewa kipande:

u = U y/h − (1/2μ)(dp/dx) y(h − y)

Ukiondoa kipande hicho wapata mstari wetu wa awali. Ukikiacha, mstari hugeuka upinde, na pale shinikizo linapopanda kwa ukali, mafuta yaliyo karibu na bushi hurudi nyuma ilhali yaliyo juu yake yaenda mbele.

Mtiririko huu huu hupima mnato katika maabara za rangi, vyakula na damu. Huzuia baadhi ya milango midogo isijibamize kwa nguvu. Hupaka plastiki nyaya za umeme. Hubeba shafti za pampu na majenereta. Basi, kwa kuwa mafuta yana kazi nyingi hivi, yule amwagaye mafuta machafu nyuma ya gereji, yakazama udongoni hadi kwenye kisima cha jirani, na ajue kwamba kilichoyatoa kazini aghalabu ni vumbi la chuma na masizi, na kwamba mafuta hayo huweza kukusanywa katika pipa, yakachujwa na kusafishwa, yakarudi kazini.