Chumba Kizuri, Ila Hakijakufaa

Kumwambia mwenye nyumba kwamba chumba alichokuonyesha hutakichukua ni shughuli ya dakika mbili, lakini jijini Dar es Salaam wengi hawaifanyi. Huangalia chumba, hukisifia, husema "nitarudi kesho", kisha simu ikiita hawapokei. Mwenye nyumba hubaki anasubiri, na mtu mwingine akija kuulizia anajibiwa kwamba kuna mtu keshakiona na amesema anarudi.

Ukali wa jambo hili unatokana na namna kodi inavyolipwa. Mwenye nyumba hapa hachukui kodi ya mwezi mmoja mmoja. Kwa kawaida hutaka miezi 6 kwa mpigo, wengine mwaka mzima. Chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi maana yake ni 900,000 mkononi siku ya kuhamia, na 150,000 nyingine ya dalali, ambaye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Aliyesema "nitarudi" ameahidi fedha ambayo pengine mwenye nyumba ameshaipangia ada ya shule au bati za banda la nyuma. Akitoweka, hasahauliki upesi.

Si kwamba watu hawana adabu. Mara nyingi ni adabu yenyewe inayowafunga mdomo. Mgeni amekaribishwa kiti, pengine na maji ya kunywa, mama mwenye nyumba amemfungulia vyumba vyote hadi stoo. Kumwambia hapo hapo usoni kwamba hapana kunaonekana ukatili. Hakuna anayelazimishwa kujibu akiwa amesimama mlangoni. Inatosha kusema, "Nashukuru, nimekiona vizuri, ngoja nikazungumze na mwenzangu, kesho jioni nitakupa jibu." Sentensi hiyo ina saa ndani yake, na hapo ndipo inapotofautiana na "nitarudi". Kesho jioni ikifika, jibu litolewe hata kama ni la kukataa.

Katika kutoa jibu lenyewe, Kiswahili kina njia ya upole iliyo tayari. Neno "hapana" halihitajiki, na "nimekikataa" halifai kabisa, kwa sababu linakifanya chumba kuwa ndicho chenye kasoro. Wenye lugha yao husema "nimeshindwa", "sitaweza", "haijawa riziki". Upungufu unahamia kwa msemaji, nyumba ya mtu inabaki na heshima yake. Ukiongeza "kwa sasa", umeacha mlango wazi bila kuahidi kitu. Tofauti ya "sitakichukua" na "kwa sasa sitaweza kukichukua" ni ndogo kwenye karatasi, lakini mzee anayepokea simu anaisikia vizuri sana.

Ugumu uko kwenye sababu. Kosa linalojirudia ni kusingizia bei. Mtu hakupenda choo cha kushirikiana, ila anaona aibu kukitaja, basi anasema kodi imemzidi. Mwenye nyumba ambaye chumba chake kimekaa wazi wiki tatu anajibu, "Basi lete laki moja na ishirini." Hapo aliyekataa hana pa kutokea: akubali chumba asichokitaka, au atunge sababu ya pili, ambayo itaonyesha kwamba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Bei itajwe pale tu ambapo ikishuka chumba kitachukuliwa kweli, na hapo huko si kukataa tena bali ni kuomba punguzo.

Sababu inayofaa ni moja, ya kweli, na isemwe kama hitaji la mpangaji badala ya kasoro ya nyumba. Chukulia dada fundi cherehani aliyeonyeshwa chumba na sebule cha uani huko Tabata. Rangi mpya, maji yapo, fensi ipo. Shida ni umeme: mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wanne, na wote huchanga sawa. Yeye anashona usiku na kupiga pasi, kwa hiyo anajua kwamba mwezi wa pili tu wenzake wataanza kumnung'unikia. Siku ya pili jioni anamwandikia mwenye nyumba:

"Shikamoo mzee. Ni mimi niliyekuja jana na dalali kuangalia chumba na sebule cha uani. Nashukuru sana kwa kunipokea. Tumekaa na mwenzangu tukaona kwa sasa hatutaweza kukichukua. Kazi yangu ni ya cherehani, natumia umeme mwingi, nahitaji mita ya peke yangu. Usinisubiri mzee, akija mwenye haja mpe. Siku ukipata chenye mita yake naomba unikumbuke, namba yangu ni hii hii."

Ujumbe huo unaanza kwa kujitambulisha, kwa sababu mwenye nyumba huenda ameonyesha watu sita wiki hiyo. Shukrani inatangulia jibu. "Usinisubiri, akija mwenye haja mpe" ndiyo sehemu ambayo watu huisahau, nayo ndiyo yenye faida zaidi kwa mwenye nyumba: inamfungua mikono. Mlango unaachwa wazi kwa sharti linaloeleweka, mita ya peke yake, ili mzee ajue lini hasa amtafute. Maneno kama "tutawasiliana" hayamwachii kitu cha kushika.

Mzee anaweza kujibu, "Marahaba mwanangu, mita naweka mwezi ujao, wewe leta fedha." Jibu salama ni kumshukuru na kumwomba amjulishe ikishawekwa, aje aione. Kutoa kishika nyumba kwa ajili ya mita ambayo haijafungwa ni kununua ugomvi. Fedha ikishatoka, kukataa kwa upole kunageuka kudai.

Kasoro nyingine ni bora zisitajwe kwa majina yake. Mstari wa matope ukutani kwenye nyumba ya bondeni unaonyesha mafuriko yalifika wapi, na mwenye nyumba anaujua kuliko mgeni. "Nina watoto wadogo, naogopa maji ya masika" inatosha. Kelele za baa ya jirani, au tabia za wapangaji aliowakuta uani, mgeni anyamaze nazo tu.

Dalali naye apewe jibu, tena kabla ya mwenye nyumba au saa ile ile. Fedha ya kuonyeshwa nyumba, kama ilitolewa, hairudi. Kodi ya mwezi mmoja haidai mpaka chumba kichukuliwe. Dalali hahitaji maneno laini mengi, anahitaji vigezo: akiambiwa "mita ya peke yangu, nisivuke Segerea", ataacha kumzungusha mtu kwenye nyumba za aina ile ile. Kumpita na kumalizana na mwenye nyumba kimyakimya huokoa 150,000, na huleta kelele getini siku ya kuhamia. Mzee akija kupiga simu baadaye kuhusu nyumba ile ile, dalali aliyempeleka mtu pale bado ana chake.

Simu hizo hupigwa kweli. Kodi ikiwa ya miezi 6, chumba kilichokataliwa Januari huenda kikawa wazi tena Julai, na mwenye nyumba asiyetaka kukaa na chumba kitupu huanza na namba alizonazo kwenye simu yake.