Kutambua Aina Nne za Tepu ya Gundi katika Picha Moja

Picha ya roli kadhaa za tepu zilizowekwa pamoja mezani humwonyesha mtazamaji mambo mengi, lakini jambo linalovuta jicho kwanza, yaani rangi, ndilo lenye ushahidi dhaifu kuliko yote. Tepu ya umeme hutengenezwa ikiwa nyeusi, nyekundu, bluu, njano, nyeupe au kijani, kwa sababu mafundi huitumia pia kuwekea nyaya alama. Tepu ya nguo, ambayo wengi huijua kwa jina la dakti tepu, kwa kawaida huwa na rangi ya fedha, ingawa nyeusi na nyeupe zimejaa madukani. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi huwa ya krimu au ya bluu, na tepu ya pande mbili huonyesha rangi ya karatasi inayoifunika wala si rangi yake yenyewe. Anayetaka kuzitambua kwa uhakika hana budi kuangalia mambo manne yanayotokana na jinsi tepu zilivyoundwa, nayo ni tundu la katikati, ubavu wa roli, uso wa nje na ncha iliyoachwa wazi.

Kila tepu ya gundi ina sehemu kuu mbili: mgongo, yaani ukanda wa karatasi, plastiki au nguo unaobeba gundi, na gundi yenyewe. Mgongo wa tepu ya karatasi ni karatasi iliyofinywa ikapata vikunjo vidogo vinavyokwenda upande kwa upande, na vikunjo hivyo ndivyo vinavyoiwezesha kunyumbuka kidogo na kufuata mkunjo wa dirisha au wa bodi ya gari bila kuchanika. Tepu hiyo ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M, huko Minnesota nchini Marekani, kwa ajili ya mafundi waliopaka magari rangi mbili na kuhitaji mpaka ulionyooka kati ya rangi hizo. Tepu ya nguo ina wavu wa nyuzi uliofunikwa kwa plastiki, na gundi nzito upande wa chini. Tepu ya umeme ina mgongo wa plastiki laini ya vinili inayovutika sana na isiyopitisha umeme. Tepu ya pande mbili ina gundi juu na chini, kwa hiyo isingeweza kukunjwa katika roli bila safu zake kugandana, kama isingewekewa karatasi ya kubandua, yaani karatasi au plastiki nyembamba iliyopakwa silikoni ili gundi isiishike.

Tundu la katikati hutazamwa kwanza kwa sababu huonekana hata katika picha hafifu. Roli nyingi za tepu ya karatasi, ya nguo na ya pande mbili hukunjwa juu ya duara la kadibodi lenye tundu la inchi 3, yaani milimita 76 hivi, ilhali roli ndogo za tepu ya umeme zinazouzwa rejareja huwa na tundu la milimita 25 hadi 38. Roli nyembamba yenye tundu dogo, ikiwa kando ya roli nyingine zenye matundu makubwa, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya umeme, iwe na rangi yoyote. Alama hii hata hivyo haitoshi peke yake, kwa kuwa zipo tepu za umeme zenye tundu la inchi 3, na baadhi ya tepu za pande mbili hukunjwa kwenye duara dogo.

Faida nyingine ya tundu ni kwamba linaweza kutumika kama rula iliyomo ndani ya picha. Tuseme roli nne zimelazwa mezani, ya kwanza ya krimu, ya pili ya rangi ya fedha, ya tatu nyeusi na ya nne nyeupe inayoelekea krimu, na picha imepigwa kutoka juu kwa mshazari. Mdomo wa tundu la roli ya fedha, ambao kwa kweli ni duara kamili, utaonekana kama duaradufu, yaani duara lililobanwa, lakini kipenyo chake kirefu hakipotoshwi na mshazari huo. Kipenyo hicho kikipimwa kwenye kioo cha simu kikawa milimita 38, na tundu halisi likichukuliwa kuwa milimita 76, basi picha imepunguza kila kitu kwa nusu. Kipenyo kifupi kikiwa milimita 23, uwiano wake na kile kirefu ni takriban 0.6, na kanuni za jometri zinaonyesha kwamba katika mshazari wa namna hiyo kimo cha roli huonekana kwa kiasi cha 0.8 tu ya kimo halisi. Roli ya fedha ikionyesha kimo cha milimita 19 kwenye kioo, hesabu ni 19 mara 2, yaani 38, kisha 38 kugawanya kwa 0.8, jibu likiwa milimita 47.5, na upana wa milimita 48 ndio upana wa kawaida wa tepu ya nguo.

Roli nyeusi, kwa kipimo hichohicho, ina tundu la milimita 16 kwenye kioo, yaani 32 halisi, na kimo cha milimita 7 kinachorejea kuwa 17.5, jambo linaloafikiana na tepu ya umeme ambayo kwa kawaida huwa na upana wa milimita 18 au 19. Roli ya krimu na ile nyeupe zote zinatoa tundu la milimita 76 na upana wa milimita 24 hivi. Hapo vipimo vinafika mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa tepu ya karatasi na tepu nyembamba ya pande mbili huuzwa kwa ukubwa uleule, na rangi zake zinakaribiana kiasi kwamba mwanga wa taa ya njano unaweza kuzifanya zionekane kitu kimoja.

Hapo ndipo ubavu na uso wa roli vinapohitajika. Picha ikikuzwa, uso wa tepu ya karatasi huonyesha vikunjo vyembamba vinavyokatiza upana wa tepu na kukosa mng'aro, na ubavu wake huwa na rangi moja iliyofifia kuanzia kwenye kadibodi hadi safu ya nje. Uso wa tepu ya pande mbili ni karatasi ya kubandua, kwa hiyo huwa laini, una mng'aro hafifu wa silikoni, na wakati mwingine una jina la kiwanda lililorudiwarudiwa. Ubavu wake una mistari inayopishana, mmoja wa karatasi na mmoja wa gundi, na mistari hiyo hudhihirika zaidi tepu ikiwa ya sponji, ambayo huweza kufikia unene wa milimita 1 au zaidi, hata safu zake zikahesabika kwa macho.

Ubavu hutofautisha pia tepu mbili zilizobaki, hasa zote zinapokuwa nyeusi. Tepu ya nguo ina unene wa milimita 0.2 hadi 0.3, kwa hiyo pete za safu zake huonekana, na ubavu wake huwa mkavu wenye nyuzi fupi zilizochomoza na vumbi lililonasa kwenye gundi. Tepu ya umeme huwa nyembamba zaidi, takriban milimita 0.13 hadi 0.18, na safu zake hubanana mpaka ubavu ukaonekana kama plastiki moja inayong'aa. Ikiwa roli ilikaa juani, gundi hulainika na safu hutelezeana, hivyo katikati ya roli huchomoza kama pia, na umbo hilo halimaanishi kwamba ni aina nyingine ya tepu bali ni dalili ya uhifadhi mbaya.

Ncha iliyoachwa wazi huthibitisha yaliyokwisha kukisiwa. Tepu ya karatasi iliyochanwa kwa mkono huacha ukingo wenye meno yasiyo na mpangilio. Tepu ya nguo huchanika kwa kufuata uzi, kwa hiyo ukingo wake hunyooka na kubakiza nyuzi zinazoning'inia. Tepu ya umeme huvutika kabla ya kukatika, na ncha yake huwa imepungua upana na kujikunja, ilhali ncha ya tepu ya pande mbili huonyesha tabaka mbili zinazoachana, gundi upande mmoja na karatasi upande wa pili.

Kosa lenye hatari kubwa katika kazi hii huhusu rangi ya fedha. Ipo tepu ya alumini, inayotumiwa kuziba maungio ya mifereji ya hewa, ambayo katika picha ndogo hufanana na tepu ya nguo, lakini mgongo wake ni metali na hupitisha umeme. Tofauti yake ni kwamba hung'aa kama kioo na kurudisha sura ya taa, hubaki na alama ya kila mkunjo, na mara nyingi huja na karatasi ya kubandua, wakati tepu ya nguo hung'aa kwa ufifi na alama za nyuzi za wavu wake huonekana kupitia plastiki. Tepu ya alumini ikizungushiwa waya ulio wazi huwa yenyewe sehemu ya njia ya umeme. Tepu ya nguo nayo haifai kwa waya, kwani haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo, na tepu ya karatasi hunyonya unyevu na kushika moto.

Picha haiwezi kuonyesha kama tepu nyeusi iliyotambuliwa kuwa ya umeme inastahimili volti 600 na joto la nyuzi 80 za Selsiasi, viwango vinavyoandikwa kwenye tepu nyingi za aina hiyo, wala haiwezi kuonyesha kama gundi yake ingali na nguvu. Taarifa za viwango husomwa kwenye kifungashio au kwenye maandishi yaliyochapwa ndani ya duara la katikati, pamoja na alama ya kiwango cha kimataifa IEC 60454 pale ilipo, na anayenunua kwa kutumiwa picha anapaswa kudai maandishi hayo yapigwe picha kwa karibu. Katika picha hiyo ya pili muuzaji aombwe pia kufungua sentimita 5 za kila roli na kuzigeuza ili upande wa gundi uonekane, kuweka kadi ya benki yenye urefu wa milimita 85.6 kando yake iwe kipimo cha uhakika kuliko tundu, na kuangaza mwanga kutoka ubavuni ili vikunjo vya karatasi na wavu wa nyuzi vitoe vivuli. Ikiwa baada ya hayo tepu ya umeme bado ina mashaka, isitumike kwenye waya mpaka imeshikwa mkononi na kusomwa.