Wanane, vinane, manane: kuiandikia sauti ya kompyuta

Injini ya kusoma maandishi kwa sauti haianzi na sauti. Kwanza hugeuza kila tarakimu, alama na kifupisho kuwa maneno, kisha ndipo huyatamka. Makosa mengi ya kuchekesha huzaliwa katika hatua hiyo ya kwanza. Kwa Kiswahili huzidi, kwa kuwa namba ya Kiswahili haina umbo moja.

Tarakimu 8 ni nane kwa nyumba, wanane kwa watoto, vinane kwa vitabu, manane kwa mayai na minane kwa miti. Namba zinazobadilika hivyo ni 1, 2, 3, 4, 5 na 8. 6, 7, 9 na 10 hubaki zilivyo kwa ngeli zote. Katika namba ndefu, kinachofuata ngeli ni tarakimu ya mwisho: watoto 28 ni watoto ishirini na wanane. Jambo lenyewe huonekana vizuri zaidi katika watu 2,002. Husomwa watu elfu mbili na wawili, kwa sababu 2 ya kwanza inahesabu maelfu na ya mwisho inahesabu watu. Lakini mwaka 2002 ni elfu mbili na mbili, maana hapo hakuna kinachohesabiwa. Nazo namba za simu hazihesabu kitu: 112, namba ya dharura, iandikwe moja moja mbili, la sivyo msikilizaji atasikia mia moja na kumi na mbili.

Injini iliyopewa kanuni moja tu ya kugeuza tarakimu itasema “watoto ishirini na nane” kila mara. Hata ile inayolitazama neno la nyuma yake hupotea nomino inapokuwa mbali, kama katika “kati ya walimu waliofika semina, 12 walichelewa”. Kwa hiyo mwandishi huandika mwenyewe: kumi na wawili.

Saa nayo ina mtego wake. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, na injini ikikuta 08:45 inaweza kusoma saa nane na dakika arobaini na tano. Kwa msikilizaji wa Kiswahili hiyo ni alasiri. Saa iliyokusudiwa ni saa tatu kasorobo asubuhi, na hakuna alama yoyote ya maandishi itakayoufanya ugeuzaji huo badala ya mtu.

Vifupisho hugawanyika kwa namna vinavyosemwa. Dkt., S.L.P. na n.k. hufunguliwa kuwa daktari, sanduku la posta na na kadhalika. Vikiachwa, nukta zake huweza kudhaniwa kuwa mwisho wa sentensi na sauti ikasimama katikati. Nukta hizo hizo ndizo zinazotofautisha k.m., yaani kwa mfano, na km ya kilomita. UKIMWI na BAKITA husomwa kama maneno. Injini ikizitaja herufi moja moja, dawa ni kuandika ukimwi na Bakita. CCM hutajwa kwa herufi, kwa hiyo huandikwa jinsi watu wanavyoitamka: si-si-em.

Ipo lugha ya alama iitwayo SSML, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2004. Huruhusu maandishi kubaki yalivyo huku sauti ikipewa maneno mengine:

```
<sub alias="si-si-em">CCM</sub>
```

Alama yake nyingine, `say-as`, huiambia injini kwamba hiki ni tarehe au simu. Thamani zake hazikuwekwa katika kiwango chenyewe, hivyo injini hutofautiana, na si zote zinazoitii kwa Kiswahili. Maneno kamili ndiyo salama.

Tuseme taarifa ya zahanati inasema: “Tarehe 1/3, saa 08:45, Dkt. wa zamu alipima watoto 28 wa chini ya miaka 5. 25% walikuwa na uzito pungufu. Vyandarua 1,008 viligawiwa.” Hapo 1/3 inaweza kusomwa theluthi, au Januari 3 kwa mpangilio wa Kimarekani, na alama ya % hukaa baada ya namba ilhali neno asilimia hutangulia. Nakala ya sauti huwa hivi: “Tarehe mosi Machi, saa tatu kasorobo asubuhi, daktari wa zamu alipima watoto ishirini na wanane wa chini ya miaka mitano. Robo yao, yaani watoto saba, walikuwa na uzito pungufu. Vyandarua elfu moja na vinane viligawiwa.” Robo imechaguliwa kwa kuwa sikio huipokea upesi kuliko asilimia ishirini na tano.

Nakala ya macho huhifadhiwa kando na tarakimu zake, kwa ajili ya maandishi ya kwenye skrini. Rekodi hukaguliwa bila kutazama nakala yoyote, kwani jicho linalofuata maneno hulisahihishia sikio makosa. Anayesikiliza huandika namba anazozisikia, kisha huzilinganisha na taarifa ya awali.